Sukari inaposhuka na hakuna aliyegusa dawa: kupanga mahudhurio ya mgonjwa wa kisukari katika jedwali

*"Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari. Niliagizwa nichukue faili la mgonjwa mmoja nipange mahudhurio yake yote kwenye jedwali: sukari, presha, uzito na mabadiliko ya dawa. Nimelimaliza, lakini daktari wetu amelirudisha. Anasema, 'Namba naziona, ila sioni dawa ilifanya nini.' Nimekosea wapi?"*

Marahaba. Jedwali lako sijaliona, lakini nitakisia: una safu moja iliyoandikwa "Dawa", na ndani yake umenakili kile daktari alichoandika mwishoni mwa maelezo ya kila siku. Hata mimi nilianza hivyo, na nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kugundua kasoro yake.

Tazama mstari unavyosomeka. Tarehe fulani, sukari 11.4, dawa: metformini 1000 mg mara 2. Anayesoma ataelewa kuwa mgonjwa anameza gramu 2 kwa siku na bado sukari yake ni 11.4, kwa hiyo dawa imeshindwa. Kumbe siku ile alifika akiwa anameza 500 mg mara 2. Ile 11.4 ilitokana na dozi ya zamani, na gramu 2 ziliandikwa kwa sababu ya hiyo 11.4. Zilichofanya hizo gramu 2 utakiona mstari unaofuata, atakaporudi. Ukiweka chanzo cha leo na matokeo ya leo kwenye mstari mmoja bila kuvitenganisha, kila dawa itaonekana haifanyi kazi.

Dawa ya kasoro hiyo ni kuigawa safu ya dawa mara mbili. Ya kwanza iite "Alikuja akitumia", ya pili "Aliondoka na". Jedwali sasa linasomwa kwa mshazari: unaanzia "Aliondoka na" ya mstari wa juu, unashuka hadi sukari, presha na uzito vya mstari wa chini. Huko ndiko daktari wako anakotaka jicho lake liende.

Ila kuna mtego, na wengi wananaswa hapa. Usijaze "Alikuja akitumia" kwa kunakili "Aliondoka na" ya mara iliyopita. Zikiwa sawa daima, safu mbili hazina kazi. Safu ya kwanza ni ya ukweli wa nyumbani: anameza nini hasa, mara ngapi, na kama kuna siku dawa zilikwisha. Ukiuliza "Unakunywa dawa zako?" utajibiwa ndiyo. Uliza "Jana jioni ulimeza zipi?" au mwambie aziweke mezani muhesabu pamoja. Kwa mahudhurio ya zamani yaliyomo kwenye faili huwezi kumuuliza mtu alichomeza Machi iliyopita, lakini mara nyingi faili lina fununu: alipewa dawa za siku 30 akarudi baada ya siku 63, au muuguzi wa zamu aliandika pembeni "tumbo linamsumbua". Fununu ikiwepo iandike. Isipokuwepo, andika "haijulikani". Neno hilo moja ni salama kuliko dozi uliyoibuni kwa nia njema.

Kwenye safu ya sukari, namba peke yake haitoshi. Inahitaji kipimo chake na hali ya mgonjwa. Faili moja linaweza kuwa na majibu ya mg/dL kutoka mashine ya zamani na ya mmol/L kutoka mashine mpya, na hakuna aliyeandika ni ipi. Chagua kipimo kimoja kwa jedwali zima. Kutoka mg/dL kwenda mmol/L unagawanya kwa 18, hivyo 205 inakuwa 11.4. Kwa kawaida namba yenyewe hujitambulisha: mtu aliyeingia kliniki kwa miguu yake hawezi kuwa na 205 mmol/L, wala 11 mg/dL. Eneo la kutilia shaka ni namba kama 28, ambayo kwa mmol/L ni sukari ya juu sana na kwa mg/dL ni mtu wa kuzimia. Ukikutana nayo, soma maelezo ya siku hiyo kabla ya kuibadilisha. Na mashine ikionyesha HI au LO, andika hivyo hivyo. Hilo ni tangazo kwamba sukari imetoka nje ya uwezo wa mashine, usiligeuze kuwa namba.

Kando ya kila namba andika "hajala" au "amekula", na kama inajulikana, alikula saa ngapi zilizopita. Sukari ya 10.2 saa 2 baada ya chakula na 10.2 ya asubuhi kabla ya kula ni habari mbili tofauti kabisa. Ukizichanganya utachora mstari unaopanda na kushuka kwa sababu ya staftahi, si kwa sababu ya ugonjwa.

HbA1c mimi siiweki kwenye safu hiyo. Ninaiandika chini ya jedwali na tarehe yake, kwa kuwa inatazama nyuma: inabeba takriban miezi 2 hadi 3 iliyopita, na karibu nusu ya thamani yake inatokana na mwezi wa mwisho. Dozi ikiwa imebadilishwa wiki 3 zilizopita, HbA1c ya leo bado inazungumzia kwa sehemu kubwa dozi ya zamani. Tena mgonjwa mwenye upungufu wa damu, selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata HbA1c isiyolingana na sukari yake halisi, kwa hiyo ukijua lolote kati ya hayo liandike palepale.

Presha haina mengi. Weka safu mbili, ya juu na ya chini, maana ukiandika 148/90 kwenye kisanduku kimoja cha kompyuta, kompyuta inaiona kama maneno na haitakuchorea grafu. Kama ilipimwa mara mbili, amua mapema utaandika wastani au ya pili, na ushikilie uamuzi huo jedwali zima. Jambo ambalo majedwali mengi hayana, na ninalitafuta kila mara, ni kama dawa za asubuhi zilimezwa. Mgonjwa aliyeambiwa aje bila kula huja pia bila kumeza dawa, ya presha ikiwemo. Anapimwa saa 4, presha iko juu, anaongezewa dawa. Hudhurio linalofuata mambo ni yaleyale. Alama ndogo "bado hajameza" pembeni ya presha inaweza kumwepusha na dozi asiyoihitaji.

Uzito ni kilo na desimali moja, bila viatu, mizani ileile. Tofauti ya nusu kilo si kitu. Kilo 2 na zaidi kati ya mahudhurio mawili inahitaji maelezo, na maelezo hayo hayapatikani kwenye safu ya uzito. Yanapatikana ukizitazama safu zote nne kwa pamoja, na hapo ndipo jedwali linapofanya kazi ambayo kurasa za faili haziwezi.

Nikupe mgonjwa mmoja. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, wa kliniki niliyofanya kazi zamani, tarehe nimezisogeza. Hudhurio baada ya hudhurio aliandikiwa maneno yaleyale, "sukari inaendelea vizuri, aendelee na dawa". Mimi mwenyewe niliyaandika mara moja. Haya ndiyo mahudhurio yake yalivyoonekana tulipoyapanga:

| Tarehe | Sukari (mmol/L) | Presha juu | Presha chini | Uzito (kg) | Alikuja akitumia | Aliondoka na |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 10 Jan | 11.4 hajala | 148 | 90 | 78.5 | Metformini 500 mg ×2, glibenklamidi 5 mg ×1 | Metformini 1000 mg ×2, glibenklamidi ileile |
| 14 Mac | 11.0 hajala | 146 | 88 | 77.9 | Metformini 500 mg ×2 (tumbo), glibenklamidi 5 mg ×1 | Metformini 500 mg asubuhi na 1000 mg jioni, glibenklamidi 5 mg ×2 |
| 9 Mei | 8.1 hajala | 150 | 92 | 78.6 | Kama alivyoandikiwa | Zilezile, ameongezewa amlodipini 5 mg |
| 11 Jul | 10.2 amekula (saa 2) | 144 | 86 | 80.1 | Kama alivyoandikiwa | Hakuna badiliko |
| 12 Sep | 5.9 hajala | 152 | 90 | 82.4 | Kama alivyoandikiwa. Miguu imevimba | Amlodipini 10 mg |
| 14 Nov | 4.3 hajala | 158 | 94 | 84.6 | Kama alivyoandikiwa. Alitetemeka alfajiri mara 2 | (tazama chini) |

HbA1c: 10 Jan 9.1%, 11 Jul 7.8%.

Anza na mistari miwili ya juu. Kwa jedwali lenye safu moja ya dawa ungesema metformini gramu 2 haikufanya chochote: sukari ilikuwa 11.4, sasa 11.0. Safu mbili zinasema jambo jingine. Hakuwahi kuimeza, ilimsumbua tumbo akarudi kwenye dozi yake ya zamani bila kumwambia mtu. Machi dozi ikapandishwa polepole, kubwa ikiwa baada ya chakula cha jioni, glibenklamidi nayo ikaongezwa, na Mei sukari ikawa 8.1. Hapo mshazari umesomeka vizuri: dawa imebadilika, sukari imefuata.

Sasa shuka kutoka Mei. Dawa za sukari hazijaguswa tangu Machi. Hata hivyo sukari ya kabla ya kula inatoka 8.1 inakwenda 5.9, kisha 4.3. Ya Julai usiiingize kwenye hesabu hii, alikuwa amekula. Kila hudhurio kivyake linafurahisha. Ukiyaona yote kwenye ukurasa mmoja unajiuliza: nini kinaishusha?

Ukiwa na safu ya sukari tu, utajibu kwamba amebadilisha ulaji au amepungua uzito. Lakini uzito umepanda, kilo 6 kamili kutoka Mei hadi Novemba. Mtu aliyepunguza chakula hanenepi. Na presha, badala ya kushuka baada ya amlodipini, imepanda, ingawa dozi iliongezwa mara mbili.

Kuna maelezo kadhaa, na ni haki kuyapima moja moja. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na ndicho kila mtu alichodhani Septemba. Lakini uvimbe wa amlodipini haushushi sukari, na ingekuwa ajabu dawa ipandishe presha iliyowekwa kuishusha. Glibenklamidi inaweza kunenepesha, hasa sukari ikishuka mara kwa mara na mgonjwa akawa anakula ili atulie. Hilo lingeeleza uzito na kule kutetemeka, ila halielezi miguu wala presha, wala kwa nini dozi ileile ya Machi imekuwa kali zaidi Novemba.

Linalobeba yote manne ni figo. Figo zikichoka, maji na chumvi hubaki mwilini, kwa hiyo uzito na presha vinapanda na miguu inavimba. Figo pia hushiriki kuivunja insulini na kuondoa mabaki ya glibenklamidi, ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari. Zikishindwa, insulini ya mwili inadumu zaidi na dawa inarundikana. Dozi kwenye karatasi ni ileile, ila mwilini imekuwa kubwa. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake "inapona" bila mtu kugusa dawa hunitia wasiwasi kuliko yule ambaye sukari yake imegoma kushuka.

Jedwali halikuthibitisha hayo, na usilitwike mzigo huo. Lilichofanya ni kutuambia kipimo gani kiombwe siku hiyo. Kreatinini yake ilikuwa imepimwa mara ya mwisho miaka 2 nyuma. Tuliirudia, tukapima na protini kwenye mkojo. Protini ilikuwa nyingi, na uchujaji wa figo ulikuja 27 kwa kipimo cha mililita kwa dakika. Chini ya 30 metformini haitumiki, kwa kuwa inaweza kurundikana na kuleta tindikali kwenye damu. Glibenklamidi tulikuwa tumeisimamisha siku hiyohiyo, kabla hata ya majibu, kwa sababu ya kule kutetemeka alfajiri. Tuliirudisha amlodipini kwenye 5 mg, tukampa furosemidi 40 mg asubuhi, na tukamwandikia rufaa kwa daktari wa figo.

Tazama tena safu ya "Alikuja akitumia" ya Septemba na Novemba. "Miguu imevimba" na "alitetemeka alfajiri mara 2" si dawa, na mtu mpenda usafi angeziondoa. Mimi naziacha. Ukitaka, tengeneza safu ya mwisho yenye jina "Alichosema", maneno yasizidi sita. Bila maneno hayo, 4.3 ya Novemba ingepita kama sukari nzuri, maana kwa mashine ni nzuri kweli. Kilichotokea saa 10 alfajiri nyumbani kwake ndicho kinachosema kwamba kuna saa inashuka chini ya hapo. Kwa ajili ya jedwali, sukari iliyo chini ya 3.9 iwekee alama hata kama mgonjwa hakuhisi lolote, na iliyo chini ya 3.0 usisubiri jedwali, mwite daktari.

Kama unatumia kompyuta, namba ya sukari iwe kwenye kisanduku chake na "hajala" kwenye kisanduku kingine, la sivyo grafu haitachorwa. Kwa majibu ya mg/dL weka safu ya pembeni yenye namba ya awali, halafu iache kompyuta igawanye. Kama namba ya awali iko B4:

```
=ROUND(B4/18,1)
```

Usiifute ile ya awali. Siku ukigundua kwamba mashine fulani ilikuwa ya mmol/L tangu mwanzo, utahitaji kurudi nyuma. Tarehe nazo ziandike na jina la mwezi, kwa sababu 5/3 mtu mmoja ataisoma Machi na mwingine Mei, na mgonjwa aliyerudi baada ya miezi 2 ataonekana amerudi kabla hajaondoka.

Kisanduku kisicho na jibu kipigie kistari. Usiweke sifuri, kompyuta itaichora sifuri hiyo kama kipimo. Wala usirudie uzito wa mara iliyopita eti ujaze pengo. Na hudhurio ambalo hakuja lipe mstari wake, tarehe na neno "hakuja", kwa maana miezi 4 isiyo na kitu ikibanwa, dawa ya Januari itaonekana imefanya kazi haraka au imeshindwa haraka kuliko ilivyokuwa.

Ukifika kwenye insulini, andika "yuniti" kwa ukamilifu. Herufi U iliyobananishwa na namba husomeka kama sifuri, na 10 inageuka 100. Vivyo hivyo usiandike 5.0 mg, nukta ikififia inakuwa 50. Andika 5 mg. Chini ya moja ndipo sifuri inahitajika mbele, 0.5, ili nukta isipotee.

Usimpe daktari mistari 30. Mahudhurio 6 hadi 8 ya mwisho yanatosha kwenye ukurasa wa kwanza, ya zamani yafuate nyuma. Kabla ya kumpelekea, funika safu ya "Aliondoka na" kwa karatasi, soma sukari kutoka juu kwenda chini, na kila inapobadilika sana jiulize kama unajua sababu. Kisha ifunue. Sukari ikibadilika na hakuna dawa iliyobadilika juu yake, weka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli. Alama hizo ndizo atakazoziangalia kwanza.

Yule mama alirudi baada ya wiki 2, na mstari wake wa saba ulisomeka hivi: 28 Nov, 8.9 hajala, 146 na 88, kilo 81.2, alikuja akitumia amlodipini 5 mg na furosemidi 40 mg, hatetemeki tena. Aliondoka na insulini ya muda wa kati yuniti 6 kabla ya kulala, dozi ndogo kwa makusudi kwa sababu ya figo. Mwanafunzi aliyekuwa nasi aliitazama ile 8.9 chini ya 4.3 akasema sukari imeharibika. Nilimwomba asome tena mistari yote mitatu ya mwisho, kwa mshazari.